Kichwa Hakishuki: Kumbukumbu za Barua za Rufaa

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa tabibu wa kituo cha afya mkoani Lindi, kwenye barabara ambayo kiangazi ni mchanga na masika ni tope. Tulikuwa na wodi ya wazazi, chumba cha leba chenye vitanda viwili, jokofu la chanjo lililotumia mafuta ya taa, na redio kolu iliyoendeshwa kwa betri ya gari. Usiku tulizalisha kwa mwanga wa kandili. Chumba cha upasuaji hatukuwa nacho. Mama ambaye mtoto wake alishindwa kupita njia ya kawaida hakuwa na tiba kwetu, kwani tiba yake ilikuwa operesheni, na operesheni ilifanyika hospitali ya wilaya, mwendo wa saa tatu hivi gari likiwa zima.

Kazi yetu kwa mama wa namna hiyo ilikuwa tatu tu: kumtambua mapema, kumwandaa kwa safari, na kumwandikia barua. Mbili za kwanza tulifundishwa chuoni mpaka tukachoka. Barua hatukufundishwa. Ilidhaniwa kuwa mtu akijua kusoma na kuandika, basi anajua kuandika rufaa.

Fomu zenyewe ziliandikwa kwa stensili: jina, umri, kijiji, sababu ya rufaa, matibabu aliyopewa, sahihi. Chini palikuwa na mstari wa nukta nukta, na chini ya mstari huo sehemu ya hospitali kujaza na kuturudishia. Kwenye nafasi ya sababu ya rufaa wengi wetu tuliandika yale yale tuliyoyakuta kwenye nakala za waliotutangulia: "Uchungu wa muda mrefu. Kwa matibabu zaidi." Hakuna uongo hapo, lakini daktari wa zamu akiisoma hajui aanzie wapi. Muda mrefu ni saa ngapi? Uchungu ni mkali au umelegea? Mtoto yu hai? Mama amechomwa sindano gani? Ilimbidi aanze upya kumpima mtu ambaye sisi tulishampima usiku kucha.

Aliyenifundisha kuandika alikuwa nesi mkunga wetu, tuliyemwita Sista kama ilivyo desturi, ingawa kwa umri angeweza kuwa mama yangu mdogo. Alikuwa amefanya kazi wilayani kwenye wodi ya wazazi kabla ya kuletwa kijijini, kwa hiyo alizijua barua kwa upande wa anayezipokea. Siku za mwanzo nilipomletea fomu niliyoijaza, aliisoma akanirudishia. "Daktari," akaniambia (vijijini tabibu huitwa daktari, na Sista aliniita hivyo hata pale aliponikaripia), "hii barua ingeweza kuwa ya mama yeyote. Andika ya huyu."

Ili msomaji anielewe, sharti niseme kidogo kuhusu ugonjwa wenyewe. Uzazi pingamizi ni pale ambapo tumbo la uzazi linasukuma vizuri, uchungu ni mkali, lakini mtoto hashuki kwa sababu kuna kizuizi. Mara nyingi kichwa ni kikubwa kuliko nyonga ya mama, au kimekaa vibaya, au mtoto amelala kimshazari. Ni jambo tofauti na uchungu mvivu, ambao kichwa kingepita ila nguvu ya kukisukuma haitoshi. Uchungu mvivu hospitalini waweza kutiwa nguvu kwa dripu ya oksitosini. Ukimpa dawa hiyo hiyo mama mwenye kizuizi, unazidisha nguvu mahali ambapo njia imefungwa, na kinachopasuka ni tumbo la uzazi. Kwa hiyo barua isiyotofautisha haya mawili ni barua ya hatari.

Njia ya kuyatofautisha ni mikono. Kwanza unapapasa tumbo la mama juu ya mfupa wa kinena, unapima kwa vidole sehemu ya kichwa iliyobaki juu ya nyonga. Kichwa kinahesabiwa sehemu tano. Zikiwa tano kati ya tano, kinaelea juu, hakijaingia kabisa. Zikibaki mbili au chini ya hapo, kimeshaingia. Kisha unapima ndani: njia imefunguka sentimita ngapi, maji yana rangi gani, na mifupa ya kichwa cha mtoto imekaaje. Kichwa cha mtoto kina mifupa isiyoungana, ili ipate kusogeleana anapopita. Mifupa ikiwa imegusana tu, tunaandika jumlisha moja. Ikiwa imepandana lakini ukiisukuma kwa kidole inarudi, jumlisha mbili. Imepandana na hairudi, jumlisha tatu. Kichwa kilicho juu bado, huku mifupa yake imepandana, kinakuambia kuwa kimebanwa na kinajaribu kupita pasipopitika.

Kuna mtego hapa ambao umewaponza wengi. Kichwa kikibanwa kwa muda, ngozi ya utosini huvimba, ikawa laini na nene kama andazi lililoumuka. Ukipima kwa ndani tu, kidole chako kinagusa uvimbe huo chini kabisa, karibu na mlango, unafurahi: kichwa kimeshuka! Kumbe fuvu lenyewe liko palepale lilipokuwa alfajiri, ngozi ndiyo iliyoshuka. Nimewaona wakunga wazoefu wakimwambia mama asukume kwa ajili ya uvimbe huo. Sista alikuwa na sheria moja asiyoitangua: kushuka kwa kichwa kunapimwa kwa tumboni, na barua iseme kulipimwa kwa tumboni.

Vipimo hivyo vyote tulivichora kwenye patografu. Ni karatasi moja yenye miraba. Saa zinakwenda kulia, sentimita zinapanda juu. Juu yake kuna mistari miwili ya mshazari. Mstari wa kwanza, wa tahadhari, unapanda sentimita moja kwa saa. Wa pili, wa kuchukua hatua, unafuata saa nne kulia kwake. Chuoni nilidhani mistari hiyo ilitungwa Ulaya kwa ajili ya hospitali kubwa. Baadaye nilisoma kuwa ilichorwa na Philpott na Castle huko Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, wakaichapisha mwaka 1972, na walikuwa wakiwafikiria watu kama sisi: wakunga wa vituo vya pembezoni waliohitaji kujua ni wakati gani wamwondoe mama kumpeleka mjini. Mstari wa tahadhari ni wetu, wa vijijini. Ule wa hatua ni wa hospitali. Zile saa nne katikati ni za barabara.

Sasa nisimulie barua moja, maana ndiyo iliyonikaa.

Ilikuwa msimu wa korosho, Novemba. Binti wa miaka 19, mimba ya kwanza, aliletwa na bibi yake na shangazi yake usiku. Kadi yake ya kliniki ilionyesha urefu wa sentimita 148, na pembeni palikuwa na alama ya wino mwekundu, kwa kuwa tulitakiwa kuwashauri wote walio chini ya sentimita 150 wakajifungulie hospitali. Alikuwa ameshauriwa. Lakini kwenda kusubiri wilayani wiki mbili au tatu kunataka mtu wa kumpikia na fedha za kula, na mwezi huo kila mkono ulikuwa chini ya mikorosho. Sikuwalaumu. Urefu peke yake haukatazi mtu kuzaa. Wafupi wengi wamejifungua salama mikononi mwetu.

Saa kumi usiku Sista alimpima. Njia sentimita 4, kichwa sehemu nne kati ya tano, mifupa imegusana tu, chupa imepasuka tangu saa saba na maji ni meupe, mapigo ya moyo wa mtoto 140 kwa dakika. Uchungu mara tatu kila dakika kumi. Akaweka alama yake ya kwanza juu ya mstari wa tahadhari. Kama mambo yangekwenda vizuri, saa mbili asubuhi angekuwa sentimita 8.

Saa mbili asubuhi tulimpima pamoja. Uchungu ulikuwa umekuwa mkali kweli, mara nne kwa dakika kumi, kila mmoja sekunde hamsini. Njia sentimita 6, na ukingo wake wa mbele umevimba. Kichwa sehemu nne kati ya tano, vilevile. Mifupa imepandana, ikisukumwa inarudi. Uvimbe wa ngozi umeanza. Maji yamekuwa na ukijani mwepesi, maana mtoto ameanza kujisaidia ndani. Mapigo ya moyo 156. Mama mwenyewe mapigo yake 104, midomo mikavu.

Alama ilianguka saa mbili nzima kulia kwa mstari wa tahadhari. Wapo ambao wangesema tusubiri kipimo kingine saa sita mchana. Sista alihesabu kwa sauti, akiwa bado na glavu mikononi: ukisubiri mpaka saa sita, ukaanza safari hapo, unafika saa tisa alasiri, na wakati huo mstari wa hatua umeshapitwa, chumba cha upasuaji hakijaandaliwa, mtoto amechoka. Ukiondoka sasa unafika saa sita. Kichwa hakijashuka hata kidole kimoja kwa saa nne za uchungu mzuri. Nini tena kingekuja kutuambia zaidi?

Nilikwenda kwenye redio. Gari la wagonjwa lilikuwa wilayani. Kulingoja lije ndipo lirudi kungekuwa safari mbili. Shangazi alikimbilia kwa mnunuzi wa korosho aliyekuwa na gari dogo la wazi pale kijijini. Yule bwana, sharti nimpe haki yake, alishusha magunia bila mjadala. Familia ikatafuta fedha ya mafuta. Hospitali niliwaambia kwa redio maneno machache tu: mimba ya kwanza, kizuizi, mtoto hai, tunaondoka kabla ya saa tatu, andaeni damu.

Wakati huo Sista hakuwa chumbani. Alikuwa nje, ameketi kwenye mkeka na bibi. Niliwaona kupitia dirishani, wanaongea kama majirani. Alikuwa anauliza lile swali ambalo mimi nilipoliuliza kwa haraka, mlangoni, nilijibiwa "Hapana, daktari, hajapewa kitu." Aliporudi alisema, "Alikunywa mizizi jioni, na tena alipofika hapa, kwenye kikombe cha chai. Bibi anasema ni ya kuongeza uchungu." Hakumkaripia bibi. Angemkaripia, bibi wa pili na wa tatu wasingetuambia kamwe.

Habari hiyo ni ya lazima kwenye barua. Miti mingine hukaza tumbo la uzazi kwa nguvu na bila mpangilio, na daktari asiyejua anaweza kuona mtoto amechoka ghafla asielewe sababu, au akaongeza dawa ya uchungu juu ya dawa ya uchungu. Tena anayempa mama usingizi anapaswa kujua kuna nini tumboni na kilinywewa lini.

Niliandika barua hii. Kwa desturi tuliziandika kwa Kiingereza. Hapa naiweka kwa Kiswahili, bila jina:

"Kwa daktari wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 39 kwa tarehe. Urefu sm 148. Uchungu ulianza jana 20:00. Chupa ilipasuka leo 01:00. Alipokelewa 04:00: njia sm 4, kichwa 4/5 kwa tumboni, mifupa +, maji meupe, moyo wa mtoto 140. Leo 08:00: njia sm 6, ukingo wa mbele umevimba, kichwa 4/5 kwa tumboni, mifupa ++, uvimbe wa utosi, maji kijani chepesi, moyo wa mtoto 156. Uchungu mara 4 kwa dakika 10, sekunde 50. Mama: mapigo 104, shinikizo 110/70, joto 37.4. Mkojo mililita 150, hauna damu. Tumbo halina mkunjo, halina maumivu kati ya uchungu na uchungu. Nadhani: kichwa hakiwiani na nyonga, uzazi pingamizi umeanza. Amepewa: Ringa Lakteti lita 1 kuanzia 08:15, ampisilini gramu 2 kwa mshipa 08:20, mpira wa mkojo umewekwa. HAJAPEWA oksitosini. Amekunywa dawa ya mizizi jana jioni na leo kama 04:30. Chakula cha mwisho jana 18:00. Anasindikizwa na nesi mkunga na ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Patografu imeambatanishwa. Ameondoka 08:50."

Nitaje mambo mawili matatu humo yanayoonekana madogo.

La kwanza ni saa. Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia macheo, na hospitali huandika kuanzia usiku wa manane. Mtu akiandika "saa 2.00" kwenye barua ya Kiingereza, daktari anasoma saa nane usiku, na mama aliyepimwa asubuhi ya leo anaonekana kama amekaa saa sita zaidi. Nimewahi kuona jalada ambalo mama alionekana amepasuka chupa kabla ya kuanza kuumwa, tena kwa siku nzima, kwa sababu hiyo tu. Sista aliandika saa zote kwa mtindo wa ishirini na nne na hakukubali mtindo mwingine kwenye karatasi, ingawa mdomoni alisema saa mbili kama sisi sote.

La pili ni yale maneno "halina mkunjo". Kizuizi kikidumu, sehemu ya juu ya tumbo la uzazi inazidi kukaza na kunenepa, na sehemu ya chini inatanuka na kuwa nyembamba. Mpaka wa sehemu hizo mbili huonekana kwa macho, mfereji wa mshazari unaokata tumbo kati ya kitovu na kinena, na kila saa unapanda juu. Ukiuona, umebakiwa na muda mchache. Kuandika kuwa haupo ni habari sawa na kuandika kuwa upo, kwa sababu daktari akimpokea mama saa sita na akaukuta, anajua umetokea njiani.

La tatu ni mkojo. Kichwa kilichobanwa hukandamiza kibofu dhidi ya mfupa wa kinena. Mama hawezi kukojoa, na kuingiza mpira nako ni kazi, kwani njia ya mkojo imebanwa. Sista alikuwa akisubiri uchungu utulie, anaingiza vidole viwili na kukiinua kichwa kidogo juu, ndipo mpira unapita. Mkojo ukitoka na damu, kibofu kimeshaumia, na barua iseme hivyo.

Walimlaza binti ubavu wa kushoto juu ya godoro nyuma ya gari, ili uzito wa mimba usikandamize mshipa mkubwa wa damu. Sista alipanda na mfuko wake: glavu, uzi wa kitovu na wembe mpya, mfuko wa kumpulizia mtoto hewa, chupa ya pili ya maji, fetoskopu. Chupa ya dripu alishika shangazi mkononi, ameinua juu, na nilivyosikia baadaye hakuibadilishia mkono mpaka wanafika lami.

Barua aliishika Sista mwenyewe, kwenye bahasha ndani ya kanga. Hakumpa ndugu wala dereva. Alisema barua ikifika saa moja baada ya mgonjwa, haijafika.

Njiani aliendelea kusikiliza moyo wa mtoto kila gari liliposimama, akaandika nyuma ya patografu kwa kalamu: 09:40, 150, 10:30, 164, 11:20, 168. Kwa hiyo walipoingia hospitali daktari aliona mwenyewe, kwa mpangilio, mtoto anavyochoka. Walimpeleka moja kwa moja mezani.

Siku ya tatu Sista alirudi na sehemu ya chini ya fomu imejazwa, kitu kilichotokea mara chache mno: operesheni, mtoto wa kiume, kilo 3.4, alilia baada ya kusaidiwa kupumua kidogo. Sehemu ya chini ya tumbo la uzazi ilikuwa nyembamba lakini nzima. Chini kabisa daktari alikuwa ameongeza mstari mmoja: mimba ijayo ajifungulie hospitali, afike wiki mbili kabla. Mstari huo niliunakili kwenye kadi yake kwa wino mwekundu, na nikamwita mumewe nikamsomea.

Si kila barua ilikuwa hivyo. Mwaka uliofuata, wakati wa masika, watu waliobeba machela walipita kwetu kutoka zahanati moja ya ndani, wanatafuta gari. Mama mimba ya sita. Kipande cha karatasi kilisema: "Amechelewa kuzaa. Naomba msaada wenu." Hakikuwa na saa wala dawa. Ndugu walikuwa wachangamfu kidogo, kwa kuwa, walisema, uchungu umekatika njiani na sasa amepumzika. Sista aliposikia "umekatika" aliacha alichokuwa anafanya. Mama aliyezaa mara tano uchungu wake haukatiki hivi hivi. Tulipofunua khanga, tumbo lilikuwa na umbo la ajabu, viungo vya mtoto vinapapasika chini ya ngozi kabisa, moyo wa mtoto kimya, mapigo ya mama 140, na macho meupe. Tumbo la uzazi lilikuwa limepasuka. Mmoja wa waliombeba alikumbuka kuwa alichomwa sindano pajani asubuhi, mara mbili, lakini hakujua ya nini.

Kwa mama yule tulitia mishipa miwili ya dripu na kuandika barua ya dakika tano, yenye neno "kupasuka" mstari wa kwanza kwa herufi kubwa, na "sindano mbili asubuhi, dawa haijulikani". Bahati gari la wagonjwa lilikuwepo kwetu siku hiyo. Alipona. Walitoa tumbo la uzazi. Mtoto alikuwa amekufa kabla hajafika kwetu.

Kwa mimba ya kwanza, mwisho mbaya mara nyingi huwa wa namna nyingine. Tumbo la uzazi huchoka, uchungu hulegea, na kichwa hukaa kimebana palepale, siku ya kwanza, ya pili. Nyama kati ya kichwa na mfupa hukosa damu zikafa, na siku chache baada ya kujifungua mtoto mfu, mkojo huanza kutiririka wenyewe. Hiyo ndiyo fistula. Ndiyo sababu barua ieleze kichwa kimekaa kimebana kwa saa ngapi: daktari akijua ni nyingi, anaacha mpira wa mkojo ndani kwa siku kumi hadi kumi na nne ili kibofu kipumzike, na tundu dogo laweza kujifunga lenyewe. Asipojua anautoa kesho yake asubuhi, kama afanyavyo kwa kila aliyepasuliwa.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule. Kuanzia 2017 serikali ilijenga vyumba vya upasuaji kwenye vituo vya afya vingi, na wapo matabibu waliokuwa wakiandika rufaa ambao sasa wanazipokea kutoka zahanati. Usafiri wa dharura wa wajawazito unaitwa kwa namba 115 bila malipo, na madereva wa kijijini, kama yule bwana wa korosho, wameingizwa kwenye mpango na hulipwa. Na patografu yenyewe imepata mrithi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 umeuondoa mstari wa mshazari, unahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5, na kila sentimita imepewa muda wake. Sababu ni kwamba wanawake wengi hufunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa na wanajifungua salama. Nakubaliana nao. Binti yule sikumpa rufaa kwa sababu ya mstari peke yake. Nilimpa kwa sababu kichwa kilibaki sehemu nne kati ya tano huku mifupa ikipandana, na hayo mawili yapo kwenye karatasi mpya vilevile.

Kitu kimoja sijaona kikibadilika, na ninawaandikia hasa madaktari wa wilaya wanaosoma hapa. Ile sehemu ya chini ya fomu bado inarudi tupu, au hairudi. Tabibu wa kijijini akishamwona mama anaondoka na gari, hajui kama alichokipima kilikuwa kweli mpaka mtu amwambie. Mistari mitatu inatosha: ulikuta nini, ulifanya nini, mama afanyeje mimba ijayo. Ijazeni, mumpe dereva anayerudi.